Ushahidi wa Conflit

Siku ambayo binti yangu alipewa afike Kinshasa kuhojiwa kwa ajili ya viza ndiyo siku ileile ambayo wizara ya elimu iliamua watoto wote wa darasa la sita la sekondari wakae kwenye examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza shule. Hatukupanga vibaya. Rendez-vous, miadi ya viza, tulikuwa tumeichukua mapema, kalenda ya wizara ikiwa mkononi, halafu wizara ikasogeza mitihani yake kama inavyopenda, bila kuuliza mtu yeyote wa Butembo, huku mashariki ya nchi, ana mipango gani.

Examen d'État hufanywa nchi nzima kwa siku zilezile, na ukiikosa unangoja mwaka mwingine. Chuo cha ng'ambo kilichompa binti yangu bursa ya masomo kilikuwa kimemkubali kwa sharti moja tu, alete diplome, cheti cha aliyefaulu mtihani huo. Kwa hiyo bila mtihani, hakuna diplome, na bila diplome viza ni ya nini? Lakini bila viza nayo, diplome ingelala kwenye sanduku pamoja na kadi za ubatizo, na bursa ingepewa mtoto mwingine. Mambo mawili hayo yalitaka mtoto mmoja, siku moja, Kinshasa na kule Beni anakosoma, miji miwili ambayo hata barabara haiiunganishi.

Mimi nauza samaki. Namnunua Kyavinyonge, kule ziwani, akiwa wa chumvi au wa moshi, namuuza hapa Butembo kwa jumla, na watu wa sokoni watakuambia nina mdomo. Sikatai. Mjane mwenye watoto na bohari asiyekuwa na mdomo ataliwa pamoja na samaki wake. Lakini mbele ya kompyuta ya cyber mdomo haukunisaidia kitu. Niliingia kwenye akaunti ya viza ya binti yangu, ambayo tuliifungua pamoja wakati wa likizo, nikabonyeza pa kubadilisha tarehe, kalenda ikafunguka nyeupe yote. Hakuna nafasi. Nikajaribu tena kesho yake, na kesho kutwa, asubuhi kabla ya kufungua bohari na jioni baada ya kuifunga. Mwenye cyber akawa ananiwekea kiti kabla sijaomba.

Kuna jambo moja nililisoma vizuri, na bado najisifu kwa hilo: sikufuta ile tarehe ya zamani. Jirani yangu wa sokoni alinishauri niifute ili nafasi mpya ijitokeze. Ningemsikiliza tungebaki mikono mitupu. Maelezo yalisema wazi kwamba anayefuta anarudi mwisho wa foleni, na asiyefika bila kutoa habari anaanza upya kabisa. Tarehe mbaya tuliyokuwa nayo ilikuwa bora kuliko kutokuwa na tarehe.

Nikaandika barua pepe kwa ofisi ya konsuli, kwa Kifaransa cha shule ya masista, kifupi na cha heshima. Nikasema mwombaji hataweza kufika siku hiyo, naomba mumpe siku nyingine. Sikueleza zaidi. Nilidhani watu wakubwa hawapendi maneno mengi.

Jibu likaja baada ya siku chache. Lilisema ombi limepokelewa, kwamba nafasi ni chache na kubadilisha hakuna uhakika, na kwamba ili ombi litazamwe lazima tuambatanishe une preuve du conflit.

Nilisoma mstari huo, nikausoma tena, halafu nikacheka kicheko ambacho kilimfanya mwenye cyber ageuke. Ushahidi wa conflit! Wanamuuliza mtu wa Grand Nord, huku Butembo na Beni, ushahidi wa conflit! Kwetu hapa neno hilo lina maana moja, vita. Redio ikisema conflit, tunauliza ni kijiji gani. Watoto wanalijua kabla ya kujua kugawanya. Damu ilinichemka. Nikasema, sawa, mnataka ushahidi, nitawapa hadi mchoke kusoma.

Na kweli nilifanya kazi. Nilimwendea chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu, akaniandikia attestation ya insécurité, cheti cha kwamba hakuna usalama, chenye mhuri ambao aliugonga kwa nguvu kama anayeua mende. Nilitafuta picha ya lori lililopigwa risasi kwenye njia ya Kyavinyonge, samaki wangu wakiwa wamemwagika kwenye vumbi. Shemeji yangu aliyekimbia Eringeti akaniletea karatasi ya kuonyesha kwamba shamba lake la kakao limebaki bila mtu. Mama mmoja aliyetoka Manguredjipa na watoto wake, anayepanga chumba nyuma ya nyumba yangu, akakubali kutoa ushuhuda, nikamwandikia, naye akaweka dole gumba. Tukapitisha vyote kwenye scanner. Nilipobonyeza kutuma nilijiona mwanasheria. Niliporudi nyumbani nilikula vizuri.

Jibu la pili lilikuwa la adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyoniuma. Walisema wanasikitika kwa hali ya eneo letu. Walisema hati nilizotuma hazionyeshi ni kwa nini mwombaji hawezi kufika siku hiyo hasa. Wakaeleza tena, polepole kama unavyomweleza mgeni njia, kwamba walichoomba ni hati inayoonyesha shughuli nyingine iliyogongana na rendez-vous. Walichokuwa wakiita conflit ni tarehe mbili kugombana, basi.

Nilikaa pale kwenye kiti cha cyber nikiwa na aibu iliyonipanda mpaka masikioni. Jioni ile ma sœur directrice, sista mkuu wa shule kule Beni, alimpa binti yangu simu yake, kwa sababu watoto wa internat, wanaolala shuleni, hawaruhusiwi kuwa na simu zao. Nikamweleza yote. Alianza kucheka, na mimi nikaanza kucheka naye, tukacheka pamoja juu ya dole gumba na juu ya samaki waliomwagika.

“Mama,” akasema, “bale batu hapana kujua bado kama niko na examen. Banajua tu kama kwetu kuko vita. Miye siko nashindwa kufika juu ya vita. Niko nashindwa juu niko na kazi ya kufanya.”

Ningeweza kusema kwamba vita ni kweli, na ni kweli. Lakini alikuwa amenishika pabaya, bila kujua. Mwaka ambao mimi nilipaswa kufanya examen, shule yetu ilifungwa kwa sababu ya vita, masista wakaondoka, na kufika mwaka uliofuata nilikuwa tayari nimeolewa na nina mimba. Tangu hapo kila nilipoulizwa kwa nini sina diplome nilijibu neno hilo moja, vita, na watu walitikisa kichwa na kunihurumia na hakuna aliyeuliza swali la pili. Nilikuwa nimelizoea hata nikampa na mtoto wangu alitumie, yeye ambaye halihitaji.

Watu walikuwa wameniita mwenda wazimu nilipompeleka kusoma Beni. Wakati ule wenye uwezo walikuwa wanawatoa watoto wao Beni, kwa sababu ya vita, kuwaleta Butembo. Mimi nikafanya kinyume, kwa sababu section ya biochimie niliyoitaka, mchepuo wa biolojia na kemia, ilikuwa kule, yenye laboratoire ya kweli na walimu wasiokosa. Nililala vibaya usiku mwingi kwa ajili ya uamuzi huo. Lakini sikuutangua, na yeye hakuniomba niutangue.

Basi asubuhi nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi parking, nikapata nafasi kwenye gari la Beni. Butembo unaiacha na koti, na ukishapita Maboya unaanza kulivua, na Beni unaingia na jasho, kando ya barabara kakao imeanikwa kwenye maturubai na harufu yake kali imejaa puani. Ma sœur directrice alinipokea, akaniambia karatasi ya shule haitatosha. Ofisi ya konsuli ingeweza kusema shule inamsaidia mwanafunzi wake. Akanipeleka kwa inspecteur, mkaguzi wa elimu, aliyekuwa ameteuliwa kuwa chef wa centre, mahali ambapo watoto wangefanyia mtihani.

Inspecteur alikuwa mtu wa Kasaï, miaka mingi ametumwa huku, mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu katika joto lile. Alinitazama kabla sijakaa, akavuta karatasi nyeupe, akasema kwa uchovu kwamba anajua nilichofuata, ni ile attestation ya wasiofika mtihani. Aliniuliza mtoto anakaa upande gani, na kama kinachomzuia ni njia au ni maombolezo.

Nikamwambia hapana, mtoto atafika. Siku zote za mtihani atakuwepo. Nataka aandike hivyo, kwamba mtoto huyu ameandikishwa katika centre hii, kwamba siku fulani saa fulani atakuwa ameketi humu, na kwamba mtihani hauwezi kufanywa siku nyingine.

Aliweka kalamu chini. Akamtazama ma sœur kama kwamba mimi nimesema kwa Kinande, lugha ya kwetu.

“Maman,” akasema, “bazazi bote banakuyaka hapa kuniomba karatasi ya kuonyesha mutoto alishindwa kuya. Weye ni wa kwanza kuniomba karatasi ya kuonyesha atakuya.”

Akaandika. Aliandika taratibu, akaweka namba ya centre, akaambatanisha nakala ya kalenda mpya ya wizara na kupigia mstari siku yenyewe. Alipomaliza alisimama ili anipe mkononi, na hakusimama alipokuwa anatupokea. Nilimwambia wasingya, asante ya kwetu, akanijibu kwa Kinande hichohicho, kibaya sana, na tukacheka wote watatu. Nilitoka mle ofisini nikiwa mrefu kuliko nilivyoingia. Sikuwahi kupewa karatasi iliyonifurahisha hivyo, hata cheti cha ndoa.

Safari hii barua niliiandika upya. Niliweka mambo kwa mpangilio: nani, tarehe ipi, mtihani gani, kwa nini hauhamishiki, na kwamba tunaomba siku yoyote baada ya siku ya mwisho ya mtihani. Nikaomba radhi kwa hati za mwanzo. Neno vita sikuliandika hata mara moja. Nikatuma karatasi ya inspecteur na kalenda, basi.

Tukangoja. Wiki ikaisha, nyingine ikaanza, kimya. Nilikuwa nimeamua tayari. Siku ikifika bila jibu, binti yangu atafanya mtihani, na viza iende inakokwenda. Nilimwambia hivyo kwenye simu ya ma sœur. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema mimi ndiye mama yake, asiniulize maswali ya bure, akasome.

Siku ya kwanza ya mtihani ikafika. Mjini kwetu unaijua siku hiyo hata kama huna mtoto shuleni. Sare nyeupe na bluu zinashuka kila kilima, akina mama wamesimama mbele ya nyumba zao kuangalia watoto wa wenzao wakipita, wenye moto wanabeba finaliste, watoto wa mwaka wa mwisho, bila kubishania bei. Niliwaangalia wa Butembo na moyo wangu ukiwa Beni. Kisha nikaenda cyber, kwa mazoea tu.

Barua ilikuwepo. Ombi limekubaliwa. Waliandika kwamba karatasi imeonyesha waziwazi tarehe zilizogongana, na kwamba sasa akaunti imefunguliwa ili mwombaji achague mwenyewe siku mpya. Chini yake wakaongeza kwamba nafasi zilizopo ni chache, na kwamba hakuna anayewekewa nafasi, anayewahi ndiye anayechukua.

Mwombaji mwenyewe! Mwombaji wakati huo alikuwa ndani ya darasa huko Beni, simu marufuku, askari polisi mlangoni. Angetoka mchana. Nikaingia kwenye akaunti. Kalenda ile iliyokuwa nyeupe siku zote sasa ilikuwa na alama mbili za kijani. Moja ilikuwa siku ileile inayofuata mwisho wa mtihani. Nyingine ilikuwa mbali, karibu na siku chuo kinapofungua milango.

Ile ya karibu ilinivuta. Nani asingevutwa? Ukiwa na njaa unachukua sahani iliyo mbele yako. Lakini ndege ya Beni haiondoki kila siku, na hata ingeondoka, mtoto angetoka kwenye mtihani wa mwisho na kukimbia uwanjani akiwa na wino vidoleni, na mvua moja tu au kuchelewa kumoja kungetutoa kabisa. Tungewaandikia tena? Kuwaomba nini tena? Ile ya mbali iliniogopesha kwa namna nyingine, kwa sababu viza ikichelewa kidogo tu, chuo kitaanza bila yeye. Lakini kufika siku ile matokeo yangekuwa yametoka, angeingia na diplome yake badala ya ahadi.

Nilikuwa bado nawaza wakati ukurasa ulipojifungua upya, na ile ya karibu haikuwepo tena. Mtu mwingine mahali pengine ameichukua. Sikumlaumu, naye alikuwa na lake. Nikabonyeza ile iliyobaki, nikathibitisha, na duara likazunguka, likazunguka, mtandao wa Butembo ukifikiria. Mwenye cyber alikuja akasimama nyuma yangu. Karatasi ya uthibitisho ilipotokea, jina la binti yangu juu na tarehe mpya chini, nilimwomba anitolee nakala tatu, ingawa moja ingetosha.

Mchana simu yangu ikalia, ni namba ya ma sœur. Binti yangu hakuuliza viza kwanza. Alitaka kuniambia kwamba swali moja la kemia lilikuwa gumu lakini amelipata. Nikamwacha alisimulie lote. Ndipo nikamwambia.

Matokeo yalipotoka tulimwagiana poda nyeupe, kama kwetu anavyofanyiwa aliyefaulu, hadi mbuzi wa jirani akawa mweupe. Sitataja alama zake. Nitasema tu kwamba inspecteur mwenyewe alimpigia simu ma sœur, kabla hajaulizwa.

Kinshasa tulifika siku mbili kabla, kwa tahadhari. Asubuhi ya rendez-vous nilimsindikiza hadi kwenye lango la ofisi ya konsuli, na hapo mlinzi akanisimamisha. Anayeingia ni mwombaji peke yake. Nikavuka barabara, nikasimama kivulini pamoja na wazazi na waume na wake za watu, simu za walioingia zikiwa mikononi mwetu. Mama mmoja wa mjini pale, mwenye kitenge kizuri, aliniuliza kwa Kifaransa tumetoka wapi. Nilipomwambia Butembo, uso wake ukabadilika. Aliniwekea mkono begani, akasema pole, masikini, na mtoto ameteseka sana bila shaka, hakika watamhurumia. Alisema kwa moyo mwema. Nikamshukuru na nikanyamaza, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu huo ulikuwa mzigo.

Binti yangu alitoka wakati jua limeshapanda. Nilitazama mikono yake kabla ya uso. Alikuwa na diplome yake, bahasha ya bursa, karatasi za chuo. Pasipoti hakuwa nayo. Pale chini ya kile kivuli kila mtu anajua maana yake: waliokataliwa hurudishiwa pasipoti palepale, waliokubaliwa huiacha dirishani ili ibandikwe viza. Watu walianza kupiga makofi kabla mimi sijapata pumzi.

Nikamuuliza walimuuliza nini. Akasema yule wa nyuma ya kioo alikuwa na barua zetu zote mbele yake, hata zile za kwanza, hata picha ya samaki. Alimuuliza masomo atakayosoma, na nani anayelipa, na kama atarudi. Halafu akashika zile hati, akamwambia kwamba inaonekana kwao kuna vita.

“Nikamujibu ndiyo, kuko vita,” binti yangu akasema. “Nikamwambia na examen pia iko, na miye niliifanya.”

Yule mama wa kitenge alikuwa bado kando yangu, hajaelewa neno, kwa sababu Kiswahili si lugha yake. Nilimgeukia. Ningeweza kutafuta Kifaransa, lakini Kifaransa kilikuwa kimenikimbia chote, na machozi yalikuwa yananiteremka mbele ya watu bila mimi kuyafuta. Nikamshika binti yangu mkono, nikauinua juu kama refa anavyouinua wa bondia aliyeshinda.

“Huyu,” nikamwambia, “ni mutoto yangu.”